Supu nzito ya maharage, viazi na sukuma kwa majuma ya mvua ugenini

Mvua za Machi na Aprili zinapoishika Mbeya, chungu cha maharage huinjikwa asubuhi na kuachwa kikichemka taratibu hadi jioni. Kuna sababu ya kweli ya uvumilivu huo: Mbeya iko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka kwenye nyuzijoto kama 94 badala ya 100, kwa hiyo maharage huchelewa kulainika. Ukiishi katika mji ulio karibu na bahari utashangaa kuona yanaiva mapema zaidi, nami nakushauri uyapime kwa kuyabonyeza kati ya vidole badala ya kuhesabu saa ulizozizoea nyumbani.

Haraka hiyo isikupeleke kwenye kosa nililolifanya mimi katika majira yangu ya kwanza ya baridi. Nililoweka maharage mekundu usiku, asubuhi nikayaweka kwenye sufuria la umeme linalopika polepole, nikaenda kazini. Jioni yalikuwa bado yamekaza kidogo, nikayala hivyo hivyo, na kabla saa 3 hazijapita nilikuwa nikitapika mfululizo. Nilipompigia mama yangu mdogo aliyeko Uyole, aliitikia salamu yangu kisha akaniuliza swali moja tu: “Mwanangu, uliyachemsha, au uliyapasha moto?”

Swali lake ndilo kiini cha jambo. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayovunjwa na mchemko wa nguvu, lakini sufuria la polepole huweza kukaa chini ya joto hilo mchana kutwa, na joto la vuguvugu huweza hata kuifanya sumu iwe kali zaidi. Kwa hiyo yaloweke kwa saa zisizopungua 5, nami huyaacha usiku kucha, mwaga maji hayo, weka mapya, kisha yachemshe kwa mapovu makubwa kwa dakika 10 kamili. Mimi huongeza hadi 30 ili nisiwe na shaka. Baada ya hapo tu ndipo yanapoweza kuhamishiwa kwenye sufuria la polepole. Maharage ya kopo yamekwisha kupikwa na hayana hatari hii, ingawa bei yake kwa mlo mmoja huwa kubwa kuliko ya makavu.

Kwa watu 6 chukua nusu kilo ya maharage, ambayo yakishachemka hivyo utayapunguzia moto na kuyafunika kwa maji yanayoyapita vidole viwili. Yakipita saa 2 bila kulainika, tazama birika lako: likiwa na ukoko mweupe ndani, maji ya mji wako ni magumu, na chokaa iliyomo huyafanya maganda yakaze. Robo ya kijiko cha chai cha bikaboneti ya soda ya kupikia itasaidia. Ukizidisha, supu itanukia sabuni. Kama maji si magumu, basi maharage yenyewe yamekaa dukani muda mrefu mno, na mara ijayo nunua kwenye duka ambalo wateja wake hununua maharage kila siku.

Nyanya zisiingie mapema, kwa kuwa ukali wake nao huzuia maharage kulainika. Punje ikishapondeka kwa kidole bila kuwa na kiini kigumu, kaanga kando kitunguu kimoja, karoti mbili na nyanya mbili, umimine ndani pamoja na viazi mviringo gramu 600 vilivyokatwa vipande vya ukubwa wa kidole gumba. Viazi vikiiva, baada ya dakika kama 20, chota vijiko viwili vikubwa vya mchanganyiko, uponde hadi viwe rojo na urudishe sufuriani. Rojo hilo ndilo linaloifanya supu ishike mdomoni kama mtori, bila unga wala maziwa.

Majani huja mwisho kabisa. Majani ya maboga ni nadra kupatikana ugenini, lakini sukuma ya majani yaliyojikunja huuzwa kwa wingi wakati wa baridi, na bei yake si kubwa. Ondoa shina la katikati, katakata majani membamba, tia konzi mbili na uyape dakika 5, kwani yakizidi hapo hupoteza rangi na ladha. Spinachi itahitaji dakika moja tu.

Inayobaki ipooze upesi katika vyombo vifupi na uiweke kwenye jokofu kabla ya saa 2 kupita. Kesho yake itakuwa imeganda kama uji mzito. Ongeza kikombe cha maji, koroga, uichemshe hadi itoe mapovu katikati, siyo pembeni tu.