Karata ya taroti ikipinduka: kusoma nguvu iliyozibwa, iliyo ndani au iliyochelewa

Anayeanza kusoma taroti, karata za kupigia ramli, hushtuka siku ya kwanza karata inapotoka kichwa chini miguu juu. Kwa kuwa hajui aifanyeje, hukimbilia njia fupi: ikiwa wima ni mapenzi, basi ikipinduka ni kuachana, ikiwa wima ni faida, ikipinduka ni hasara. Mimi nilisoma hivyo mwaka mzima wa kwanza, na watu waliondoka kwangu na hofu ambayo karata zenyewe hazikuwa nayo. Hapa naeleza namna ninavyosoma sasa, hatua kwa hatua, na mwishoni tutaipitia kazi moja nzima.

Kwanza tukubaliane majina. Natumia jozi ile iliyochorwa na Pamela Colman Smith kwa maelekezo ya Arthur Edward Waite, ikatolewa London mwaka 1909. Ina karata 78. Kati ya hizo, 22 ni karata kuu, na 56 zilizobaki zimegawanyika mafungu manne ambayo sisi tunaocheza karata kwa Kiswahili tunayajua tayari. Kopa, shupaza, uru na pau ni majina tuliyoyapata kwa Wareno, na kwa asili yao ni vikombe, panga, dhahabu na magongo. Hayo ndiyo mafungu ya taroti hasa, kwa hiyo sioni haja ya kuyatafutia majina mapya. Wasomaji huchukulia kopa kuwa hisia, shupaza kuwa fikra na maneno, uru kuwa mali na kazi za mikono, pau kuwa ari na mwendo.

Hatua ya 1: Hakikisha karata imepinduka kweli

Kuchanga karata peke yake hakupindui kitu. Ukianza na jozi iliyo wima yote, ukaichanga hata dakika kumi bila kuizungusha, itabaki wima. Kwa hiyo kata jozi sehemu mbili, zungusha sehemu moja nusu duara ili iliyokuwa juu iwe chini, kisha unganisha na uchange. Rudia mara tatu.

Kosa kubwa huja wakati wa kufunua. Wengi hushika ukingo wa chini wa karata na kuuinua kwenda juu, na kwa kufanya hivyo wanaipindua wenyewe. Ifunue kwa ubavu, kama unavyofungua ukurasa wa kitabu. Nilipomtazama mwanafunzi mmoja aliyelalamika kwamba karata zake karibu zote hupinduka, tatizo lilikuwa mkono wake.

Hatua ya 2: Isome kwanza kana kwamba imesimama wima

Desturi ya kuipa karata maana mbili inaonekana kwa Etteilla, mpiga ramli wa Paris, aliyechapisha kitabu chake mwaka 1770 akitumia karata za kawaida 32. Baadaye alipotoa jozi yake ya taroti, maneno yaliandikwa juu na chini ya kila karata, kwa hiyo ukiigeuza unasoma neno jingine kabisa. Hapo kinyume kina mantiki yake, maana karata ina ncha mbili zenye maneno mawili. Jozi ya Smith haiko hivyo. Ina picha moja, na picha ikigeuzwa inabaki ileile, na watu walewale ndani yake. Hata Waite, aliyeorodhesha maana za kupinduka, aliiachia Nne ya Pau maana yake ya furaha na ustawi bila kuibadili.

Kwa hiyo jiulize: karata hii ina nguvu gani, na nguvu hiyo inataka kufanya nini? Jibu kwa kitenzi. Nane ya Pau, yenye magongo manane yakipaa angani, inataka kufika. Mbili ya Kopa, mwanamume na mwanamke wakielekezeana vikombe, inataka kupokeana. Ukishapata kitenzi, kishike. Karata ikipinduka, kitenzi hicho bado kipo. Kilichobadilika ni namna kinavyopita.

Hatua ya 3: Uliza maswali matatu

Je, kuna kitu kimesimama mbele yake? Hiyo ni nguvu iliyozibwa. Mhusika anataka, anajaribu, lakini hapiti. Dalili yake ni karata ya kizuizi iliyo jirani: Nane ya Shupaza, yule mwanamke aliyefungwa kamba na kitambaa machoni, au Nne ya Uru, mtu aliyekumbatia sarafu yake na kukanyaga nyingine mbili. Kama jirani ana mikono iliyofungwa au iliyokunjwa, anza hapa.

Je, inafanya kazi mahali pasipoonekana? Hiyo ni nguvu iliyo ndani. Haijapungua hata kidogo, ila haijatoka kwenye kinywa wala kwenye matendo. Karata za kopa huangukia hapa mara nyingi kuliko nyingine, kwa kuwa hisia huweza kukaa moyoni miaka bila mtu kuzitamka. Ukiona jirani yake ni Kuhani wa Kike, Mwezi, au yule mzee wa upweke mwenye taa, uwezekano huongezeka.

Au je, ni saa yake tu haijafika? Hiyo ni nguvu iliyochelewa. Karata za mwendo na za matukio ndizo huchelewa. Hisia haina pa kuchelewa, lakini barua, safari na malipo huchelewa kila siku. Jirani wa kuangalia ni karata za kungoja: Saba ya Uru, mkulima aliyeegemea jembe akitazama mmea wake, au Mtu Aliyening'inizwa.

Kuzibwa na kuchelewa hufanana sana, na hapa ndipo wasomaji wengi hukosea. Natenganisha hivi: kilichozibwa hakitaenda mpaka kitu kiondolewe, kwa hiyo kuna kazi ya kufanya. Kilichochelewa kitaenda chenyewe, na kukisukuma kunaweza kukiharibu. Ushauri unaotoka kwenye majibu hayo mawili ni tofauti kabisa, kwa hiyo usimalize usomaji kabla hujaamua.

Hatua ya 4: Mrudishie anayesomewa swali

Karata jirani hukupa dhana, haikupi uhakika. Muulize swali moja la wazi, lisilombeba kuelekea jibu: "Jambo hili umewahi kulisema kwa mtu?" au "Umejaribu mara ngapi, na uliishia wapi?" Aliyejaribu mara nyingi akagonga ukuta uleule amezibwa. Ambaye hajawahi kulitamka, limo ndani. Aliyekwisha kufanya sehemu yake na sasa anasubiri upande wa pili, amecheleweshwa.

Mfano: karata tano za dada wawili

Dada mmoja aliniuliza mbona biashara ya ushonaji aliyoanzisha na mdogo wake haisongi. Nilitandaza karata tano: uhusiano wao, kinachotawala, kazi yenyewe, inakoelekea, na ushauri. Zikatoka hivi: Mbili ya Kopa imepinduka, Nne ya Uru wima, Tatu ya Uru imepinduka, Nane ya Pau imepinduka, Saba ya Uru wima.

Kwa kinyume, ningemwambia: hamwelewani, kazi zenu ni mbovu, na mambo hayatafika popote. Angerudi nyumbani akamtazama mdogo wake kwa jicho jingine.

Nilianza na Tatu ya Uru, kwa sababu ndiyo iliyokuwa rahisi. Picha yake ni fundi akifanya kazi kanisani, na mbele yake watu wawili, mmoja wao ameshika ramani. Kitenzi chake ni kushirikiana kwa mpango mmoja. Imepinduka karibu na Nne ya Uru, mtu asiyeachia sarafu. Nikauliza hesabu anashika nani. Akasema anashika yeye, zote, kwenye daftari ambalo mdogo wake hajalifungua. Mdogo hukata nguo bila kujua kitambaa kilinunuliwa kwa bei gani. Basi fundi hana ramani. Hiyo ni nguvu iliyozibwa, na kizuizi kinajulikana: daftari.

Mbili ya Kopa nayo ilikaa ubavuni mwa Nne ya Uru, na dhana yangu ya kwanza ilikuwa kwamba imezibwa pia. Lakini nilipouliza wanaishije, akaeleza kwamba wanakula sahani moja, na kwamba alishika hesabu ili mdogo asibebe hofu ya madeni. Hajawahi kumwambia hivyo. Mapenzi yapo mazima, hayajatamkwa tu. Hapo nikaibadili dhana yangu: hiyo iko ndani. Kama ningetegemea jirani peke yake, ningekosea.

Nane ya Pau ilikuwa upande wa pili wa meza, karibu na mkulima wa Saba ya Uru. Akakumbuka oda ya sare za shule: vipimo vimechukuliwa, mfano umekubaliwa, na sasa wanangoja malipo ya awali. Sehemu yao wameshaifanya. Hiyo imechelewa. Nilimshauri asiibebe oda hiyo kwa mkopo ili tu ionekane inakwenda, na kwamba kazi ya wiki hiyo ni kulifungua daftari mbele ya mdogo wake na kumwambia kwa nini lilifungwa.

Pale njia hii inapokwama

Karata ngumu zikipinduka hushawishi kuliko zote. Tisa ya Shupaza ni mtu aliyeketi kitandani usiku, uso umefunikwa kwa viganja, panga tisa zimening'inia ukutani. Ikipinduka, msomaji wa kinyume hutangaza amani. Mimi huuliza kwanza kama hofu imeingia ndani zaidi, kwa mtu anayecheka mchana na kukesha usiku. Nafuu inawezekana pia, lakini nataka kuiona kwa jirani, kwa mfano Nyota, au Sita ya Shupaza yenye mashua inayovuka maji. Bila jirani wa namna hiyo, sitamki amani.

Zikipinduka nyingi kwa pamoja, tuseme nne kati ya tano, rudi hatua ya 1 kabla ya kusema lolote. Ikiwa mkono wako hauna kosa, usizipe zote jibu moja. Tafuta ile moja iliyozibwa, maana mara nyingi zilizobaki zinaisubiri hiyo.

Na kuchelewa hakuna tarehe. Karata iliyopinduka haisemi wiki tatu wala mwezi wa Ramadhani, nami nakataa kutaja muda hata nikibembelezwa. Maswali ya ugonjwa nayapeleka kwa daktari, wima au kichwa chini.

Hatua ya 5: Andika

Chora safu nne kwenye daftari: karata, jirani wake, ulivyoisoma, na alivyokuambia mhusika aliporudi. Tumia herufi Z kwa kuzibwa, N kwa ndani, C kwa kuchelewa. Usomaji ukikosea, usifute, kata kwa mstari mmoja uandike herufi sahihi pembeni. Baada ya usomaji thelathini hivi utaiona tabia yako. Langu lilinionyesha kwamba nilikuwa napenda mno C, kwa sababu kumwambia mtu angoje ni rahisi kuliko kumwonyesha kinachomziba. Nilihesabu C zilizokatwa, na karibu zote zilikuwa zimeandikwa Z pembeni.