Kodi ya zuio aliyokukata mteja: iandike vitabuni isipotee

Tuseme una kampuni ya mafundi viyoyozi Unguja, na mmefanya matengenezo kwenye hoteli moja ya Nungwi. Ankara ni shilingi 4,000,000, ufundi mtupu bila vipuri. Benki zinaingia 3,800,000. Hujadhulumiwa: hoteli imezuia asilimia 5 ya malipo ya huduma ili iipeleke TRA kwa niaba yako. Ni TRA, si ZRA, kwa sababu kodi ya mapato ni jambo la Muungano. Nimeona watu wakipanga foleni ofisi isiyo yake asubuhi nzima.

Hatua ya 1: ankara iache ilivyo. Siku ya kutoa ankara, mauzo ni 4,000,000 na hoteli inadaiwa 4,000,000. Basi.

Hatua ya 2: fedha zikiingia, gawa malipo.

```
Debiti   Benki                        3,800,000
Debiti   Kodi ya zuio ya kurejeshewa    200,000
Krediti  Wadaiwa (hoteli)             4,000,000
```

Hiyo akaunti ya katikati ni mali, ikae pamoja na wadaiwa wengine. Wengi huitupa 200,000 kwenye gharama, na hapo ndipo hasara ilipo. Ikiwa gharama, inapunguza faida tu, na kwa kodi ya kampuni ya asilimia 30 unaokoa 60,000. Ikiwa mkopo wa kodi, inapunguza kodi yenyewe kwa 200,000 kamili. Kwa mstari mmoja ulioandikwa vibaya, 140,000 imekwenda na maji.

Hatua ya 3: dai cheti. Mteja anatakiwa kupeleka kodi aliyozuia ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha. Kwa hiyo aliyekulipa Juni, mpigie ikifika tarehe 8 Julai. Cheti kikija, usikiweke faili hivi hivi. Soma TIN kwanza. Mteja wangu mmoja aliwahi kuandika TIN ya mwenye kampuni badala ya ya kampuni. Kiasi kilikuwa sahihi, tarehe sahihi, lakini mkopo ukawa wa mtu mwingine, na kukibadilisha kulichukua miezi.

Hatua ya 4: mwisho wa mwaka, itumie. Faida ya kutozwa kodi ikiwa 9,000,000, kodi ni 2,700,000. Umeshalipa awamu za 2,000,000, na vyeti vyako vyote vya mwaka vinafika 500,000. Unabakiwa na 200,000 za kulipa. Weka debiti 500,000 kwenye kodi ya mapato inayolipwa, krediti akaunti ya kodi ya zuio.

Kabla ya hapo, linganisha salio la akaunti na jumla ya vyeti vilivyomo kwenye faili. Salio likizidi, kuna mteja amekata na hajakupa karatasi; kiasi chake kiache kwenye akaunti, usikidai kwenye ritani mpaka cheti kifike.