Kubeti jezi ya kijani: hesabu ya kuanguka na ya waliochomoka

Siku ya kwanza ya mbio za baiskeli za Tour de France za 2025, Jasper Philipsen alishinda mjini Lille. Aliyekuwa amembetia ashinde siku hiyo alilipwa jioni ileile. Siku ya 3, akiwa amevaa jezi ya kijani ya anayeongoza kwa pointi, alianguka akigombea pointi za mstari wa katikati, akavunjika mtulinga na safari yake ikaishia hapo. Aliyekuwa amembetia jezi ya kijani alipoteza dau lake zikiwa zimebaki siku 18. Mpandaji ni yuleyule na miguu ni ileile, lakini mikeka hii miwili ilikuwa inauliza maswali tofauti.

Nitaeleza jinsi ninavyotenganisha maswali hayo, kisha tukokotoe mfano mmoja wa jezi ya kijani. Ndilo soko ambalo watu wengi hulibeti kwa macho ya soko jingine.

Hatua ya 1: Andika kila soko linalipa nini

Mshindi wa jumla, mwenye jezi ya njano, ni yule ambaye muda wake wa siku zote ukijumlishwa ni mdogo kuliko wa wenzake. Si lazima ashinde hata siku moja: Chris Froome mwaka 2017 na Egan Bernal mwaka 2019 walichukua Tour bila kushinda siku yoyote. Mshindi wa siku ni anayevuka mstari wa kwanza siku hiyo, na kesho yake hakuna deni.

Jezi ya kijani ni ya pointi. Katika Tour, siku ya tambarare humpa wa kwanza pointi 50, wa pili 30, wa tatu 20, kisha 18, 16, 14, 12, 10 na kushuka. Njiani kuna mstari wa katikati unaotoa 20, 17, 15, 13, 11, 10, 9 na kuendelea. Siku za milima mikali hutoa pointi chache zaidi mwishoni. Peter Sagan alichukua jezi hii mwaka 2014 na 2015 bila kushinda siku hata moja, kwa kuokota pointi kila mahali. Kwa hiyo mwenye kasi kuliko wote si lazima awe ndiye mwenye nafasi kubwa ya kuivaa mwisho wa safari.

Hatua ya 2: Jua kuanguka kunamuumiza nani

Ipo kanuni ya kilomita 3 za mwisho kwenye siku za tambarare (siku nyingine waandaaji huirefusha). Ukianguka ndani ya umbali huo, unapewa muda wa kundi ulilokuwa nalo. Kanuni hiyo inamlinda anayewania jezi ya njano, lakini haimrudishii mtu pointi. Nafasi ya kumaliza hubaki ileile uliyovukia mstari, hata kama ni ya 150.

Tuliliona hilo mwaka 2024. Biniam Girmay wa Eritrea alikuwa ameshashinda siku tatu na anaongoza jezi ya kijani. Siku ya 16, wakielekea Nîmes, alianguka kwenye kilomita za mwisho, Philipsen akashinda, na pengo likabaki pointi 32. Girmay aliendelea akiwa na majeraha na mwisho akashinda kwa 387 dhidi ya 354. Asingeweza kuendelea, pengo lolote lingekuwa halina maana.

Kiasi gani cha hatari uweke? Mwaka huohuo walianza wapandaji 176 wakamaliza 141, yaani takribani asilimia 80. Ukigawanya kwa siku 21, hatari ya kutoka ni kama asilimia 1 kwa siku. Mwenye kasi ninamwekea asilimia 1.2 kwa siku, kwa sababu yeye hugombea katikati ya msongamano na milimani anaweza kukatwa kwa kuchelewa kupita muda wa mwisho uliowekwa.

Hatua ya 3: Waliochomoka humsaidia anayeongoza

Kwa soko la mshindi wa siku, kundi dogo lililochomoka mapema ni adui wa mwenye kasi. Ukiona nafasi ya kundi kuu kuwakamata ni asilimia 75, na mpandaji wako hushinda asilimia 30 ya nafasi anazozipata, basi nafasi yake halisi ni 0.75 × 0.30, yaani asilimia 22.5. Odi ya haki ni 4.4, si 3.3.

Kwenye pointi mambo hugeuka. Tuseme A anaongoza, B anamfukuza. Wanne wakichomoka na kufika mstari wa katikati kwanza, wanakomba 20, 17, 15 na 13. B akimpiga A nyuma yao, anapata 11 dhidi ya 10. Wakichomoka sita na wasikamatwe hadi mwisho, wa kwanza katika kundi kuu anapata 12 na wa pili 10. B amefanya kazi siku nzima akapunguza pointi 2, wakati siku ya kawaida ya wa kwanza na wa pili angepunguza 20. Ndiyo maana timu ya anayeongoza haina haraka ya kufukuza. Hiyo ni ishara ninayoitafuta kwenye matangazo ya moja kwa moja: timu ya nani iko mbele ya kundi kuu inavuta? Kama ni ya B peke yake, atachoka mapema.

Hatua ya 4: Kokotoa

Zimebaki siku 9, tatu za tambarare. A ana pointi 40 mbele ya B, wa tatu yuko mbali sana. Nimeshapunguza siku ambazo waliochomoka watazila, nikaona kwamba wote wawili wakifika mwisho, A atashinda asilimia 85. Wabashiri wengi huishia hapo na kumpa B asilimia 15, odi 6.67. Sasa weka kuanguka:

```
kubaki kwa siku 9 = 0.988^9 = 0.897
A = 0.897 × (0.897 × 0.85 + 0.103) = 0.776
B = 0.897 × (0.897 × 0.15 + 0.103) = 0.213
```

Hiyo 0.103 ni nafasi ya mpinzani kutoka. Odi ya haki ya A ni 1.29 na ya B ni 4.69. Asilimia 1 iliyobaki ni ya wote wawili kutoka, jezi ikaenda kwa wa tatu.

Kampuni ikitoa A kwa 1.15, inadai ana asilimia 87, zaidi hata ya ile 85 ya dunia isiyo na ajali. Simgusi. B akiwa 6.00, hapo kuna faida: sehemu kubwa ya thamani yake inatokana na A kuweza kutoka, na bei hiyo haikuihesabu. Wapenzi wa mchezo hupenda kumbetia anayevaa jezi, kwa hiyo bei ya anayefukuza ndiyo huachwa wazi.

Hesabu hii ina udhaifu mmoja unaopaswa kuujua. Nimechukulia kwamba A na B huanguka kila mmoja kwa wakati wake. Kwa kweli hugombea bega kwa bega, na anguko moja linaweza kuwazoa wote wawili. Kama wa tatu yuko karibu, mpunguze B kidogo na umpe yeye.

Hatua ya 5: Kabla ya kuweka dau

Soma masharti ya kampuni yako. Kwa kampuni nyingi, mpandaji akishaanza mbio kisha akatoka, dau la jezi limeliwa. Dau la nani kati ya wapandaji wawili atamshinda mwenzake huwa na kanuni zake, hasa mmoja asipoanza siku husika.

Kisha hesabu upya kila jioni. Baada ya siku mbili za milima bila mtu kutoka, zinabaki siku 7, kubaki kunapanda hadi 0.919, na B anashuka hadi asilimia 20, hata kama hakupoteza pointi yoyote. Mkeka wa 6.00 bado una faida, ila ile 4.69 sasa ni kama 5.0.