Kabla ya kumwendea anayepinga kufungwa kwa mwamba

Mradi wa kufunga mwamba wa pweza kwa muda unaeleweka upesi ukisomwa kwenye karatasi. Pweza wa miamba yetu hukua haraka na maisha yake ni mafupi, kwa hiyo akiachwa miezi miwili au mitatu bila kuchokolewa, wa nusu kilo anaweza kupita kilo, na siku ya kufungua watu wanavuna uzito badala ya vitoto. Wanakijiji wa Andavadoaka kule Madagaska walianza mwaka 2004, na hapa Pemba watu wa Kisiwa Panza wameshafanya. Pamoja na hayo, karibu kila shehia ina mtu mmoja mwenye sauti atakayesema hapana, na mara nyingi ni yule ambaye wenziwe humsikiliza kuliko wanavyoisikiliza kamati. Maandalizi ninayoyaeleza hapa ni ya kumwendea mtu huyo. Yafanyike kabla ya maboya kutiwa, na kabla tarehe haijatangazwa msikitini.

Tuchukue mfano wa mama mtu mzima katika shehia moja ya kusini mwa Pemba, mchokoaji wa miguu tangu usichana wake. Kwenye kikao cha kwanza cha kamati ya wavuvi alisimama akasema bahari ni ya Mungu, haifungwi, akajitanda kanga yake akatoka, na wanawake kadhaa wakamfuata. Wanakamati wakabaki wakisema kwamba yule mama ni mkorofi. Hapo ndipo maandalizi yanapotakiwa yaanze, kwa sababu neno mkorofi halielezi chochote kuhusu kinachomuuma.

Jambo la kwanza la kufanya, hata kabla ya kupiga hodi kwake, ni kukaa na kuhesabu mradi unamgharimu nini yeye hasa. Mchokoaji wa miguu anategemea bamvua. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwandamo na mbalamwezi, na kwetu maji ya bamvua hupwa sana kuanzia mnamo saa nne asubuhi hadi karibu na saa sita, ndipo mwamba unapotoka na mtu akaweza kuutembea na mchokoo wake. Siku za maji mafu hana la kufanya pale. Kwa hiyo miezi mitatu kwake ni bamvua sita. Tuseme anapata kilo mbili kwa siku, siku tano kwa kila bamvua: hizo ni kilo sitini anazoambiwa aziache. Kijana mpiga mbizi mwenye dau hesabu yake ni nyingine kabisa. Mwamba huu ukifungwa yeye anatweka tanga anakwenda mwamba mwingine, na siku ya kufungua anarudi na miwani yake kuchukua wale pweza wakubwa walioko kwenye kina. Ukiiandika hesabu hii kwenye karatasi utaona kwamba mradi ulioitwa wa wote unamtoza zaidi mtu asiye na chombo. Nadhani kamati nyingi zingezungumza kwa adabu zaidi kama zingeanza na hesabu hii.

Kuna hofu nyingine ambayo haimo kwenye kilo. Watu wa Zanzibar wamekwishaona mwamba ukifungwa usifunguliwe tena. Mwamba wa Chumbe ulitangazwa hifadhi mwaka 1994 na mpaka leo hauvuliwi. Una sababu zake na faida zake, lakini mtu akiusikia mradi wako anawaza huo. Usimwendee bila kujua utamjibu nini akiuliza: nani ana uwezo wa kusema mwamba unafunguliwa, na nitajuaje kwamba hamtabadilisha?

Halafu chagua nani aende na lini. Asiende afisa mwenye gari la mradi, wala asiende kijana wa kamati aliyebishana naye kikaoni. Aende mwanamke anayemjua, akiwa na mwanakamati mmoja mtulivu. Wasiende wiki ya bamvua, maana atakuwa pwani au amechoka. Waende maji mafu, baada ya alasiri. Ziara ya kwanza isiwe na karatasi ya kusaini. Lengo lake ni moja tu, kutoka na maneno yake kama alivyoyasema.

Maswali yaandaliwe, na yawe ya mambo yaliyotokea. Ukimuuliza kwa nini anapinga, atarudia yale ya kikaoni. Ukimuuliza bamvua lililopita lilikuwaje, mazungumzo yanachukua njia nyingine:

“Shikamoo bi mkubwa.”

“Marahaba mwanangu. Kama mmekuja kwa habari ya mwamba, mie nishasema.”

“Tumekuja kukusikiliza. Bamvua hili ulipata?”

“Nilipata kidogo. Siku mbili nimerudi na kimoja kimoja.”

“Ukamuuzia nani?”

“Namuuzia nani tena? Si huyo huyo mwenye deni lake. Unga nimekula kwake tangu mwezi uliopita. Nikikaa miezi mitatu siendi pwani, ntamlipa nini?”

Hapo ndipo jambo lenyewe limetoka. Bahari ni ya Mungu ni imani yake ya kweli, usiidharau, lakini kilichomtoa kikaoni ni deni kwa mchuuzi anayemkopesha chakula na kukata kwenye pweza. Dalili ya kuwa hujafika kwenye jambo lenyewe ni hii: unajibu pingamizi moja vizuri, anakubali, kisha analeta jingine lisilohusiana nalo. Mtu akifanya hivyo mara mbili, acha kujibu, rudi kuuliza. Na kabla hujaaga, mrudishie maneno yake: “Kwa hiyo bi mkubwa, tulivyokuelewa, mwamba wa karibu ndio unaokulisha, na deni halisubiri. Ndivyo?” Akisahihisha, pokea sahihisho. Usiahidi kitu siku hiyo, hata kama jibu unalo mfukoni, kwa sababu ahadi inayotolewa kwa huruma ukumbini mwa mtu ndiyo inayovunjwa baadaye na kamati nzima.

Ndipo kamati ikae kuandaa ya kulegeza. Yawe machache, na kila moja liwe limekwishakubaliwa na wote kabla ya kupelekwa. Kwa mama huyu naona matatu yanafaa. La kwanza ni mpaka: ukanda wa mwamba ulio karibu na pwani ubaki wazi kwa watembeao kwa miguu, maboya yaanzie nje yake. Kama ukanda huo unampa nusu ya pweza wake, hasara ya kilo sitini inashuka hadi thelathini, na uvunaji kwenye kina bado unasimama. La pili ni siku ya kufungua: wachokoaji wa miguu waingie kwanza maji yanapopwa, wapiga mbizi wasubiri muda uliokubaliwa. La tatu linamhusu mchuuzi, ambaye sasa tunajua kuwa naye ni mhusika. Aendewe kivyake, aombwe asimamishe makato mpaka kufunguliwa, kwa kuwa siku ile atapata pweza wakubwa wengi kwa pamoja na atahitaji barafu na wateja tayari. Akikataa, ni bora kamati ijue mapema.

Tarehe nayo iangaliwe. Kufungwa kwa mwamba kusiwafikishe watu kwenye mfungo na sikukuu wakiwa hawana kitu. Ukiweza kupanga kufungua kuangukie bamvua la kabla ya Idi, utakuwa umelegeza bila kupoteza.

Yasiyolegezwa yaandikwe pia, tena kwenye karatasi ile ile. Hakuna ruhusa ya mtu mmoja kuingia ndani ya maboya, hata akiwa na shida ya kweli. Akishaonekana mmoja tu akichokoa ndani, wengine wataingia usiku huo huo. Muda usipungue miezi miwili, kwa sababu chini ya hapo watu wanabeba hasara bila pweza kupata nafasi ya kutosha ya kukua. Na tarehe ya kufungua haisogezwi mbele, hata wafadhili wakiomba. Hili la mwisho linaibana kamati yenyewe, na ndilo jibu la ile hofu ya Chumbe. Apewe nakala yenye tarehe, sahihi ya mwenyekiti na ya sheha, aiweke kwake.

Sehemu inayosahauliwa zaidi ni kukubaliana mapema lini jambo linapelekwa juu, na kwa nani. Kusema kikaoni kwamba hataki si sababu. Kukataa kusaini si sababu. Kuwashawishi wenziwe nako ni haki yake. Sababu ni vitendo: kuingia ndani ya maboya baada ya kufungwa, kung’oa maboya, kuwatishia walinzi wa doria. Kwa kuingia mara ya kwanza, wale wawili waliokwenda kwake mwanzo warudi kwake. Mara ya pili, kamati imwite. Ya tatu, sheha. Kutoka kwa sheha ni afisa uvuvi wa wilaya, na kama mwamba umo kwenye eneo la hifadhi la Mkondo wa Pemba, PECCA, uongozi wake uwe unajua tangu mwanzo. Vitisho kwa walinzi visingoje ngazi. Viende kwa sheha siku hiyo hiyo. Kila hatua aambiwe yeye kabla ya kwenda: “Bi mkubwa, kesho tunampelekea sheha habari hii, na tutasema hivi na hivi.” Akisikia kwanza kutoka kwa sheha, mlango wake mmeufunga wenyewe.

Hakikisheni pia mna mamlaka ya mnachokitaja. Kamati ya shehia inafanya kazi chini ya Sheria ya Uvuvi ya Zanzibar ya 2010, na faini bila sheria ndogo zilizopitishwa ni maneno matupu. Mtu mzima anayejua mambo atawauliza imeandikwa wapi. Muulizeni afisa uvuvi swali hilo kabla halijawafika.

Wekeni na kikomo cha upande wenu. Tuseme wachokoaji wa miguu ni ishirini. Kama baada ya ziara mbili na ya kulegeza yote kuwekwa mezani bado zaidi ya kumi wako naye, huyo si mpinzani mmoja tena. Tarehe ya kufunga isogezwe msimu mwingine, na mpaka uchorwe upya nao wakiwa pwani, maji yakiwa yamepwa, wakionyesha kwa mchokoo wapi pweza wao wanakaa.

Mengine ni madogo: nambari ya simu ya mwanamke aliyekwenda kwake iwe kwa sheha, zamu za doria zisimpe mwanawe au mkwewe kazi ya kumkamata, na kilo za siku ya kufungua zipimwe kwa mizani mbele ya watu, za watembeao kwa miguu zikiandikwa mbali na za wapiga mbizi, ili mwakani mkirudi kwake mwende na hesabu anayoweza kuikagua.