Mtoto kaandika "MUTOTO ANAPEDA MAEBE": jinsi ya kujua kama kakosea au anabuni tahajia

Nafundisha darasa la kwanza na kila muhula kuna mzazi ananiletea daftari limepigwa mistari myekundu nyumbani, mtoto kashafutishwa mpaka karatasi imetoboka. Huenda mtoto anabuni tahajia, yaani anaandika anavyosikia kwa kanuni yake mwenyewe. Kabla hujashika raba naomba ufuate hizi hatua, na ntatumia sentensi moja niliyoletewa na mtoto wa miaka 6:

MUTOTO ANAPEDA MAEBE NA MAZIWA YA NOBE

Hatua ya 1. Mwambie akusomee alichoandika

Usimsaidie wala usionyeshe neno, mwache aweke kidole mwenyewe. Huyu alisoma vizuri tu, "mtoto anapenda maembe na maziwa ya ng'ombe", na kidole kilikuwa kinatembea na maneno. Maana yake kila herufi aliiweka kwa sababu. Angekuwa anabahatisha, angekwama au angesoma kitu kingine kabisa kila ukimrudisha.

Hatua ya 2. Tafuta kanuni yake

Hapa ndo kwenye kazi. Angalia kilichopungua: anapenda imekosa n mbele ya d, maembe imekosa m mbele ya b, ng'ombe nayo imekosa m palepale mbele ya b. Ni jambo moja limejirudia mara tatu. Sababu ni kwamba mb na nd ukizitamka haraka ni kama sauti moja, ile m inapita puani kidogo sana halafu b inaifunika, na mtoto aliyefundishwa ba be bi bo bu anasikia "be" anaandika be. Hata ile N ya NOBE ina akili, sauti ya ng' iko karibu na n na alama yake hajafundishwa (watu wazima wangapi wanaandika ngombe bila kile kikoma cha juu?).

Sasa MUTOTO. Hapa kaongeza badala ya kupunguza, ila tamka m-to-to upige makofi, ni makofi matatu, m peke yake ina kofi lake. Mtoto kafundishwa kila silabi ina irabu, so kaipa m irabu. Ila sikiliza kwanza nyumbani mnasemaje, maana kuna sehemu watu wanatamka "mutoto" kabisa na hapo anaandika anachosikia.

Hatua ya 3. Mpe imla ndogo

Usiamue kwa sentensi moja. Mtajie maneno sita kwa sauti ya kawaida bila kuvuta: embe, kamba, tembo, panda, ndizi, mbuzi. Rudia maneno yaleyale baada ya siku mbili. Akiandika ebe, kaba, tebo, pada, dizi, buzi mara zote mbili, ni tahajia ya kubuni, hamna cha kuogopa. Lakini kama mb ameshafundishwa, anaisoma vizuri kitabuni, halafu leo anaandika mbuzi, keshokutwa buzi, siku nyingine mzubi, hilo ni kosa la kweli, ama ana haraka ama kachoka ama silabi hazijakaa. Huyo mrudishe kwenye neno ajisahihishe mwenyewe, usimwandikie.

Hatua ya 4. Tenga maneno ya matamshi

Zahabu kwa dhahabu, selasini kwa thelathini, karamu kwa kalamu. Haya yanafanana na kubuni lakini hayataisha kwa kusikiliza vizuri, kwa sababu kama nyumbani wote mnasema zahabu sikio lake halina pa kushika. Haya ni ya kukariri kwa macho, maneno mawili matatu kwa wiki yanatosha.

Hatua ya 5. Mfundishe sauti iliyopotea

Kwa yule wa MAEBE sikufuta kitu. Nilimwambia aweke kidole pembeni ya pua aseme kaba, halafu kamba. Kwenye kamba pua inatetemeka, akacheka, akarudia kama mara kumi. Nikampa tebo na tembo, tubo na tumbo, aseme lipi linatetemesha pua. Halafu nikamuuliza ile mtetemo tuiandikie herufi gani, akasema m mwenyewe akaenda kuichomeka kwenye MAEBE. Kwa kama wiki mbili alikuwa anaweka m hata pasipohitajika, akaandika mbaba, nayo ni kubuni, kanuni mpya ilikuwa bado inatafuta mipaka yake.

Kitu kimoja cha kuangalia: kama mtoto wa umri huu hata akiongea anasema "ebe" na "kaba", au mpaka mwisho wa darasa la pili hawezi kusoma alichoandika mwenyewe dakika tano zilizopita, ongea na mwalimu wake na mpeleke akapimwe masikio kwanza.