Kurina bila kukata majana: hesabu ya siku 42

Kila mwaka ikifika Julai napokea malalamiko yaleyale kutoka kwa wafugaji wa huku Tabora: "Bwana nyuki, nyuki wamenihama." Nikifika kwenye manzuki na kufungua mzinga, nakuta viunzi, zile fito za juu zinazobeba masega, vimekwanguliwa hadi mti mweupe, kuanzia mlangoni hadi nyuma. Nyuki hawakuhama kwa ukorofi. Mwenye mzinga aliwanyang'anya watoto na chakula kwa usiku mmoja, wakaondoka na malkia wao kutafuta pa kuanzia upya.

Sitaeleza hapa jinsi ya kuchagua mahali pa manzuki, kupaka nta ya chambo wala kutundika mzinga kwa waya. Hayo mnayajua na mnayafanya vizuri. Naandika kwa ajili ya kosa moja tu, la kukata majana, yaani mayai na watoto wa nyuki, pamoja na asali, maana ndilo linalokula faida yote.

Tuanze na namna nyuki wanavyopanga nyumba yao. Kwenye mzinga wa viunzi wenye mlango upande mmoja, malkia hutagia masega yaliyo karibu na mlango. Pembeni ya majana nyuki huweka chavua, ambayo ndiyo chakula cha kulelea watoto, na asali husogezwa upande wa nyuma, mbali na mlango. Mpangilio huu hauna siri, na ukiujua hutapapasa gizani. Anza kufungua nyuma. Ukisogea kuelekea mlangoni na kuona sega la kwanza lenye majana, hata kama ni kipande cha ukubwa wa kiganja, mavuno yako yameishia hapo. Lirudishe, funga mzinga.

Wengi husema usiku hawaoni tofauti. Tofauti ipo wazi hata kwa tochi. Asali iliyoiva imefunikwa kwa nta nyeupe au ya manjano hafifu, bapa, na sega lake ni zito mkononi. Majana ya nyuki vibarua yamefunikwa kwa kifuniko cha kahawia, kikavu, kilichoinuka kidogo, na majana ya madume yametuna zaidi kama vichwa vya risasi. Ukiona vyumba visivyofunikwa vyenye mabuu meupe yaliyojikunja, hayo ni majana pia. Wapo wanaoyaita "asali changa" na kuyakamua. Yale maji meupe yakiingia kwenye ndoo, asali yote huchacha, na mnunuzi anayejua kazi yake ataikataa kwa kuinusa tu.

Sasa hesabu, na hapa naomba mtulie. Yai la kibarua hukaa siku 3, kisha linakuwa buu linalolishwa kwa siku 5 hadi 6, kisha chumba hufunikwa, na nyuki kamili hutoka ikifika kama siku ya 21 tangu yai litagwe, wakati mwingine siku moja au mbili mapema kwa nyuki wetu. Akishatoka haendi porini moja kwa moja. Wiki zake 2 hadi 3 za mwanzo anafanya kazi za ndani: kusafisha vyumba, kulisha mabuu, kujenga masega, kulinda mlango. Ndipo anaanza kufuata maua. Kwa hiyo tangu yai hadi mletaji wa asali ni kama siku 42.

Weka hesabu hiyo kwenye msimu wetu. Miombo yetu, mtundu ukiwemo, hutoa maua mengi kuelekea mvua za mwanzo. Ukitaka nyuki wa kwenda kwenye maua tarehe 1 Oktoba, yai lao linapaswa kuwa limetagwa kufikia tarehe 20 Agosti. Na ili malkia atage Agosti, wakati wa kiangazi ambapo maua ni haba, ndani ya mzinga lazima kuwe na akiba ya asali na chavua, na kundi lenye nyuki wa kutosha kulea. Uliyekata kila kitu Juni umeshaua mavuno ya mwisho wa mwaka, na hutayaona makosa yako mpaka utakapofungua mzinga na kukuta nta kavu na nondo.

Kuna hasara nyingine inayofichika. Kisu kikipita kwenye masega ya majana, mara nyingi malkia huangukia kwenye ndoo. Kundi lililobaki na majana linaweza kujiokoa: vibarua huchagua mabuu machanga sana, yenye umri wa siku chache tu tangu kuanguliwa, wanayalisha chakula cha kimalkia na kupata malkia mpya. Kundi lisilo na buu changa halina cha kumfanyia malkia. Baada ya wiki chache baadhi ya vibarua huanza kutaga, lakini mayai yao hayajarutubishwa, hivyo hutoka madume matupu. Ukifungua mzinga ukakuta mayai mawili matatu ndani ya chumba kimoja na vifuniko vilivyotuna kila mahali, ujue kundi hilo limekwisha, hata kama bado linavuma. Hata pale wanapofanikiwa, hesabu ni ndefu: malkia mpya anahitaji kama siku 12 kutoka buu changa hadi kutoka chumbani, kisha wiki moja au zaidi ya kukomaa na kuruka kupandwa na madume, kisha siku kadhaa kabla ya kutaga, na siku nyingine 21 kwa kibarua wa kwanza. Hizo ni wiki 6 hadi 7 kabla ya kibarua wa kwanza wa malkia mpya kutoka.

Niwape mfano wa mzinga tuliofungua pamoja na mzee mmoja mfugaji mwezi Juni. Ulikuwa na viunzi 26, masega 16. Tulifungua saa kumi na mbili jioni, jua linazama, moshi wa mabunzi ya mahindi yaliyokauka, tukiwa na ndoo moja yenye mfuniko. Mzee alikuja na ndoo tatu.

Tulianzia nyuma. Sega la 16 lilikuwa jipya, jeupe, lina asali mbichi isiyofunikwa. Nilikiinamisha kiunzi pembeni kidogo, matone yakadondoka. Hilo lilirudi. La 15, 14, 13 na 12 yalikuwa yamefunikwa karibu yote, tukayakata yote manne. La 11 na la 10 yalikuwa pia na asali iliyofunikwa, na hapo mzee akanishika mkono.

"Mwanangu, hizo mbili ndizo nzuri kuliko zote. Unaziachia nini?"

"Mzee wangu, kuanzia sasa hadi Septemba hawa watakula nini? Mahindi yako uliyoweka ghalani unauza yote Juni?"

Akaachia mkono. La 9 lilikuwa na chavua upande wa chini na asali juu, na kuanzia la 8 hadi la 2 yalikuwa majana. Hatukuyainua yote, tuliinua la 8 tu kuthibitisha, tukaona mayai yamesimama chumbani kama vipande vya uzi mweupe. Malkia yupo, basi. Sega la 1 la mlangoni tuliliacha bila kuligusa. Tukafunga. Kazi yote ilichukua kama dakika 15, na zaidi ya dakika 20 nisingekubali, maana nyuki wetu wakichokozwa muda mrefu hukasirika, na jirani mwenye ng'ombe wa kufungwa ndiye analipa.

Masega manne yalitoa asali kama kilo 5. Mzee alizoea kupata kilo 12 kwenye mzinga kama huo, kwa kuhesabu majana, chavua na asali mbichi ndani yake. Asali ile safi iliuzwa kwa bei ya asali, na nyuki bado wapo. Kwa mavuno ya kuelekea kiangazi acheni si chini ya masega 3 yenye asali: hapa yalikuwa la 9, la 10 na la 11. Mvua zikiwa karibu na maua yapo tele, mawili yanatosha.

Wakati wa kukata, acha ukanda wa sega wa sentimita 1 hadi 2 juu ya kiunzi. Huo ndio mwongozo wa kujengea sega jipya lililonyooka. Wanaokwangua kiunzi chote wanawaandikia nyuki gharama, maana kutengeneza kilo 1 ya nta huwagharimu asali kama kilo 6 hadi 8.

Na hapa nina neno kali kwa mafundi seremala na wanaowaagiza. Kiunzi kiwe na upana wa milimita 32. Siyo 30, siyo 35, siyo "kama vidole viwili". Nyuki wetu hujenga masega ambayo kati ya moja na jingine, kutoka katikati hadi katikati, ni kama milimita 32. Kipimo cha 35 ni cha nyuki wa Ulaya, na mafundi wengi wamekichukua kutoka kwenye michoro ya kigeni. Kiunzi kikizidi upana, baada ya viunzi vichache sega linatoka kwenye mstari, linashikana na kiunzi cha jirani, na siku ya kurina ukiinua kimoja unapasua viwili, asali inamwagikia majana na unalazimika kukata vyote. Nenda kwa fundi na rula. Pima viunzi 10 vikiwa vimebanana: vifike sentimita 32 kamili. Vikipita, virudishwe vipigwe randa upya kabla hujalipa.

Ukifungua wiki 3 baada ya kurina na kukuta majana yamejaa bila mapengo mengi na nyuki wanaingia na chavua miguuni, mzinga uko salama.

Ikitokea umeshakata sega la majana kwa bahati mbaya, usilitupe kwenye ndoo. Lifunge palepale kwenye kiunzi kwa ukanda wa nguo au kamba laini ya mkonge, upande wa juu ukiwa juu kama ulivyokuwa, maana vyumba vimeinamia juu kidogo na ukiligeuza chakula cha mabuu kitavuja. Lirudishe katikati ya majana mengine jioni ileile, kabla halijapoa. Nyuki wataligundisha kwa nta ndani ya siku chache na wataitafuna kamba wenyewe. Kisha punguza mlango kwa kuziba kwa majani au udongo, ubaki upenyo mdogo tu unaolindika, na usiufungue mzinga huo tena kwa siku 10.