Weusi wa chai na manjano ya mchuzi kwenye melamini

Hapa Tanga chai ya rangi haikosekani, na vikombe vya plastiki huishia na weusi kwa ndani. Stilwaya iache: inakwaruza ung'avu, na chai inayofuata inazama humo humo. Changanya vijiko viwili vya bekingi soda na kimoja cha maji, paka, subiri dakika 15, sugua kwa kitambaa laini. Dawa ya klorini baki nayo kwenye mashuka, melamini inafubaa.

Doa likigeuka jekundu kwa soda, hilo si chai, ni manjano ya mchuzi wa nazi. Hayo yanapenda mafuta: paka mafuta ya kupikia, futa, osha kwa sabuni, kisha anika. Jua huivunja rangi yake. Iliyoingia kwenye mkwaruzo mara nyingi haitoki.